Anga la Forodhani ndani ya rangi 256

Chukua video ya sekunde nne iliyopigwa kwa simu pale Forodhani, Unguja, jua linapozama. Jahazi linapita taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, tanga limejaa upepo, na nyuma yake anga linabadilika kidogo kidogo kutoka rangi ya chungwa iliyokolea karibu na maji hadi zambarau hafifu juu kabisa. Kwenye simu video hiyo ni nyororo. Igeuze iwe GIF kwa programu yoyote ya bure, bila kugusa mpangilio wowote, na utaona mambo mawili kwa pamoja. Anga linagawanyika kuwa mikanda mipana ya rangi, kila mmoja ukiwa na ukingo unaoonekana wazi, au linajaa vijidoto. Na faili, ambalo ulitarajia liwe dogo kwa sababu "ni GIF tu", linakuwa zito kuliko video uliyoanza nayo.

Wengi hulaumu programu, wakabadilisha moja baada ya nyingine. Ila ubaya wa anga na uzito wa faili vina chanzo kimoja, nacho kimo ndani ya namna GIF inavyohifadhi picha. Ukikifahamu, utajua ni wapi pa kupunguza, ni wapi pa kuacha, na ni wakati gani wa kuachana na GIF kabisa.

GIF ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya CompuServe ya Marekani, chini ya mhandisi Steve Wilhite. Wakati huo kompyuta nyingi hazikuweza kuonyesha zaidi ya rangi chache kwa mpigo, na picha zilipitia kwenye laini za simu zilizokwenda polepole mno. Kwa hiyo wabunifu wake waliamua kwamba picha isiandike rangi kamili ya kila pikseli. Badala yake faili linaanza na orodha ya rangi, yaani paleti, isiyozidi rangi 256. Kisha kila pikseli inaandikiwa namba tu: hii ni rangi ya 17, ile ni ya 203. Paleti nzima ya rangi 256 inachukua baiti 768, na kila pikseli inachukua baiti moja badala ya tatu. Kwa mwaka 1987 huo ulikuwa uamuzi wa busara sana.

Kamera ya simu, kwa upande wake, inaweza kuandika zaidi ya rangi milioni 16. Anga la magharibi linatumia sehemu ndogo tu ya rangi hizo, lakini ni sehemu inayokaribiana mno: chungwa hili na chungwa lile vinapishana kwa kiasi ambacho jicho halikigundui, na ndiyo maana anga linaonekana halina mshono. Sasa hesabu. Tuseme tumepunguza video yetu iwe na upana wa pikseli 480 na kimo cha pikseli 270, na anga limechukua mistari 160 ya juu. Paleti lazima igawiwe kwa wote: maji, tanga, ubao wa jahazi, nguo na ngozi za mabaharia, na anga lenyewe. Ikiwa anga limepata rangi 40, kila rangi italazimika kufunika mistari minne. Mikanda ya pikseli nne ingekuwa midogo tu, lakini jicho la mwanadamu lina tabia ya kuongeza nguvu pale rangi mbili zinapokutana. Mwanafizikia Ernst Mach alieleza jambo hilo katika karne ya 19, na mpaka leo mikanda hiyo inaitwa kwa jina lake. Ukingo ambao kwa vipimo ni hafifu, kwa macho unakuwa mstari.

Hapo ndipo hatua ya kwanza ya kurekebisha inapoanza: nani anachagua hizo rangi 256? Programu za haraka hutumia paleti iliyotengenezwa tayari, yenye kila aina ya rangi kwa mgawanyo sawa, kijani, buluu, waridi, zote. Picha yetu haina kijani hata kidogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya paleti inakaa bure huku anga likigombania machungwa machache. Programu nzuri huipitia video nzima kwanza, ikahesabu rangi zilizomo, kisha ikatengeneza paleti ya video hiyo hiyo. Kwa anayetumia FFmpeg, kazi hiyo hufanywa kwa amri mbili, ya kwanza ikitengeneza paleti na ya pili ikiitumia:

```
ffmpeg -ss 3 -t 4 -i jahazi.mp4 -vf "fps=12.5,scale=480:-1:flags=lanczos,palettegen=max_colors=128" paleti.png

ffmpeg -ss 3 -t 4 -i jahazi.mp4 -i paleti.png -lavfi "fps=12.5,scale=480:-1:flags=lanczos[x];[x][1:v]paletteuse=dither=bayer:bayer_scale=3:diff_mode=rectangle" jahazi.gif
```

Fungua hiyo `paleti.png` uitazame. Ni mraba mdogo wenye vijisanduku vya rangi, na unakueleza mengi kuliko kipimo chochote. Ukiona safu ndefu za machungwa na zambarau zinazokaribiana, jua anga limepata haki yake. Ukiona kijivu na weusi vimejaa, maana yake maji yenye giza yamekula nafasi, na huenda ikafaa kukata sehemu ya chini ya picha kabla ya kuendelea. Mara nyingi kukata picha vizuri kunaokoa rangi nyingi kuliko mpangilio wowote wa programu.

Hata paleti iliyochaguliwa vizuri haitoshi kuondoa mikanda yote. Hatua ya pili ni mtawanyo wa nukta, ile hila ya kupanga pikseli za rangi mbili zilizopo ili jicho lione rangi ya tatu isiyokuwepo. Atazamaye mkeka wa ukili uliosukwa kwa miyaa myeupe na myekundu iliyopishana, akiwa mbali, huona waridi. Akisogea huona vipande viwili. Kwenye skrini mambo ni hayo hayo, ila vipande ni vidogo zaidi.

Tuone kwa karibu jinsi kompyuta inavyofanya. Chukua picha isiyo na rangi, yenye viwango vya mwanga tu kutoka 0 hadi 255. Pikseli yetu ina kiwango 108, lakini paleti ina 100 na 120 peke yake. Iliyo karibu ni 100, kwa hiyo inaandikwa 100, na kuna deni la 8 lililobaki. Njia iliyotangazwa na Robert Floyd na Louis Steinberg mwaka 1976 hailifuti deni hilo, bali inaligawa kwa majirani ambao bado hawajaandikwa: sehemu 7 kati ya 16 zinakwenda kwa pikseli ya kulia, 3 kwa ile ya chini kushoto, 5 kwa ya chini kabisa, na 1 kwa ya chini kulia. Jirani wa kulia, aliyekuwa naye na 108, sasa anahesabiwa kuwa 111.5. Amevuka katikati ya 100 na 120, kwa hiyo anaandikwa 120, na deni la upande wa pili linaanza safari yake. Ukiendelea hivyo juu ya eneo kubwa lenye kiwango 108, takriban pikseli 60 katika kila 100 zitaandikwa 100, na 40 zitaandikwa 120. Wastani wake ni 108. Jicho linapata ilichokitaka, na mikanda inatoweka.

Kwa picha iliyotulia njia hii ni nzuri mno, na ndiyo iliyowapotosha watu wengi wakaihamishia kwenye picha zinazotembea. Tatizo lake ni kwamba deni linasafiri. Pikseli moja ya juu kushoto ikibadilika kwa kiwango kimoja tu, kwa sababu ya chenga za kamera au wingu dogo, mgao wa madeni hubadilika, na mabadiliko hayo yanaweza kuenea kwa majirani hadi mbali upande wa kulia na chini. Anga ambalo kwa kweli halikusogea linaandikwa upya kwa mpangilio mwingine wa nukta katika kila fremu. Ukicheza GIF hiyo utaona anga linachemka. Ndiyo dalili ya kutafuta: angalia sehemu ya picha isiyo na mwendo wowote, na kama nukta zake zinarukaruka, umetumia mtawanyo wa deni mahali pasipofaa.

Njia mbadala ni ya Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyeitangaza mwaka 1973. Huyu ndiye pia aliyebuni mpangilio wa vichujio vyekundu, kijani na buluu juu ya kihisi cha kamera, ambao matoleo yake yanatumika katika simu nyingi za leo, kwa hiyo yaelekea jahazi letu lilipita mikononi mwake kabla hata ya kuwa GIF. Katika njia yake hakuna deni. Kuna jedwali lisilobadilika, tuseme la pikseli 8 kwa 8, na kila nafasi ya jedwali ina kizingiti chake. Pikseli yenye kiwango 108, ambayo iko asilimia 40 ya njia kutoka 100 kwenda 120, inakuwa 120 pale kizingiti cha nafasi yake kikiwa chini ya asilimia 40, na 100 pale kikizidi. Katika jedwali la pikseli 64, 26 zitakuwa 120. Jambo la maana ni kwamba uamuzi unategemea mahali pikseli ilipo na kiwango chake, basi. Anga lisiposogea, nukta hazisogei. Gharama yake ni kwamba ukikaza macho utaona msuko wa vijiraba vinavyojirudia, na watu wengine hawaupendi. Katika FFmpeg nguvu ya msuko huo inapimwa na `bayer_scale`, kutoka 0 hadi 5: ukishusha namba, msuko unaonekana zaidi na mikanda inapungua, ukipandisha, msuko unafifia na mikanda inarudi. Kwa anga la jioni mimi huanza na 3, kisha nikatazama.

Sasa tuje kwenye uzito, maana ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo mtawanyo wa nukta unapodai malipo yake.

GIF hubana namba za pikseli kwa njia iitwayo LZW, ambayo ilitangazwa na Terry Welch mwaka 1984 kwa kuboresha kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv. Inasoma picha mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, na njiani inajenga kamusi ya mifuatano iliyokwisha kuiona. Mfuatano ukijitokeza tena, inaandika namba moja ya kamusi badala ya pikseli zote. Fikiria mstari wa anga usio na mtawanyo wowote, pikseli 480 za rangi moja. Mara ya kwanza kamusi inajua pikseli moja tu, kisha mbili, kisha tatu, na kila neno jipya linakuwa refu kuliko lililotangulia. Ukijumlisha moja, mbili, tatu na kuendelea, utafika 480 kabla ya neno la 32. Pikseli 480 zimeandikwa kwa maneno kama 31, yaani baiti zipatazo 35. Mstari unaofuata, ukiwa na rangi ile ile, ni mwepesi zaidi, kwa kuwa kamusi tayari ina maneno marefu.

Sasa tawanya nukta kwenye mstari huo huo kwa njia ya deni. Rangi moja imegeuka kuwa mfululizo wa 100, 120, 100, 100, 120 usio na mpangilio wa kueleweka, na katika picha ya rangi halisi zinaingia rangi tatu au nne kwa wakati mmoja. Kamusi haipati mfuatano mrefu unaojirudia. Inabaki na vipande vya pikseli mbili au tatu, na kwa kuwa kila neno la kamusi linaweza kufikia biti 12, mstari mbaya kabisa, ambao hakuna kinachojirudia, unaweza kuchukua baiti 720 ilhali pikseli zake zingeandikwa kwa baiti 480 bila kubanwa. Yaani kubana kumeongeza uzito! Mtawanyo wa Bayer uko katikati: msuko wake unajirudia kila baada ya pikseli 8, kwa hiyo kamusi ina kitu cha kushika.

Hili ndilo fumbo zima la GIF ya jahazi. Anga lenye mikanda ni baya lakini jepesi, kwa kuwa mikanda imelala kwa upande ule ule ambao LZW inasoma. Anga lililotawanywa nukta ni zuri lakini zito. Hakuna mpangilio utakaokupa vyote viwili. Unachoweza ni kuchagua kiasi gani cha uzuri ununue, na kwa megabaiti ngapi.

Kuna akiba ya pili, ambayo ni kati ya fremu na fremu. GIF inaruhusu fremu mpya iandike kipande tu cha mstatili kilichobadilika, na ndani ya mstatili huo pikseli ambazo hazikubadilika ziandikwe kwa namba moja ya uwazi, ili ile ya chini yake ibaki ikionekana. Mfululizo mrefu wa namba hiyo moja ndiyo chakula ambacho LZW inakipenda kuliko vyote. Ndiyo maana video iliyopigwa simu ikiwa imeegemezwa kwenye ukuta wa Forodhani inatoa GIF nyepesi kuliko ile iliyoshikwa mkononi. Mkono ukitikisika pikseli moja tu, picha nzima imehama, na hakuna pikseli inayolingana na ya fremu iliyotangulia. Giza nalo lina hasara kama hiyo. Kamera ikikosa mwanga inatoa chenga, na kwa GIF kila chenga ni mabadiliko. Mtawanyo unaochemka unaharibu akiba hii vile vile, hata kama kamera ilitulia.

Turudi kwenye hesabu ya jahazi. Picha ya 480 kwa 270 ina pikseli 129,600. Muda wa fremu katika GIF unahesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo nimechagua 8, ambayo ni fremu 12.5 kwa sekunde. Sekunde nne zinakuwa fremu 50. Kabla ya kubana chochote tuna takriban megabaiti 6.5. Maji yanametameta kila mahali, tanga linatetemeka, na anga limetawanywa nukta, kwa hiyo LZW haitakuwa na pa kushika sana. Hapo ndipo mtu anapojaribu kupunguza paleti, kutoka 256 hadi 128. Lakini 256 ni biti 8 na 128 ni biti 7, kwa hiyo kwa hesabu ya moja kwa moja ameokoa sehemu moja ya nane tu. Faida kubwa huja pale rangi zinapopungua kiasi kwamba pikseli jirani zinaanza kulingana, tuseme 64 au 32, na wakati huo mikanda imerudi, mtawanyo unahitajika zaidi, na nukta zake ni kubwa zaidi kwa kuwa rangi zinazochanganywa ziko mbali. Paleti ndogo pamoja na mtawanyo mkali mara nyingi hutoa faili ambalo si jepesi sana na ni baya kwa hakika.

Kinachopunguza uzito kwa uhakika ni vipimo. Shusha upana kutoka 480 hadi 320 na pikseli zinabaki chini ya nusu. Punguza sekunde nne ziwe mbili na nusu. Punguza fremu kutoka 12.5 hadi 10. Jambo moja la kuangalia hapo: usiweke muda wa 0 au 1 ukidhani utapata mwendo wa kasi. Vivinjari vingi huchukulia namba hizo kama kosa na kuonyesha fremu kwa sehemu 10 za mia, hivyo GIF yako itakwenda polepole kuliko ulivyotaka. Kima cha chini kinachoheshimika ni 2.

Ipo pia programu ya gifsicle yenye chaguo la `--lossy`, linaloiruhusu LZW ikubali mfuatano unaokaribiana badala ya unaolingana kabisa:

```
gifsicle -O3 --lossy=60 jahazi.gif -o jahazi-nyepesi.gif
```

Inasaidia kweli, na alama yake ni michirizi midogo ya kulala, kwa sababu makosa yanaburutwa kwa upande inaosoma LZW. Ukiiona kwenye tanga jeupe, shusha namba.

Baada ya yote hayo jahazi letu linaweza kufika mahali pa kuvumilika. Swali ni kwa nini tuvumilie. Video ya kawaida ya H.264, iliyosanifiwa mwaka 2003, haina paleti hata kidogo. Inaandika fremu nzima mara chache, na katikati yake inaandika mwendo: kipande hiki cha pikseli 16 kwa 16 kilikuwa hapa, sasa kiko pikseli tatu kulia, na tofauti iliyobaki ni hii kidogo. Jahazi linalotambaa kwenda kulia, ambalo GIF inalazimika kulichora upya kila fremu, kwa video ni maelezo mafupi ya kuhama. Hata mkono unaotikisika si janga, maana picha yote kuhama upande mmoja ndicho kitu inachokieleza kwa urahisi. Ukiipa kilobiti 500 kwa sekunde, kiwango ambacho kwa kawaida kinatosha ukubwa huu, sekunde nne zinakuwa biti milioni mbili, yaani kilobaiti 250. Hizo ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya ule uzito wa awali, na anga lina rangi zake. Kwa mtu anayetazama kwa bando la siku, tofauti hiyo ni pesa yake.

```
ffmpeg -ss 3 -t 4 -i jahazi.mp4 -an -vf "scale=480:-2" -c:v libx264 -crf 24 -pix_fmt yuv420p -movflags +faststart jahazi-fupi.mp4
```

`-an` inaondoa sauti. `-2` inahakikisha kimo kinagawanyika kwa mbili, vinginevyo programu itakataa. `+faststart` inahamisha maelezo ya faili mwanzoni ili video ianze kucheza kabla haijashuka yote. Namba ya kuchezea ni `crf`: ikipanda faili linapungua, na dalili kwamba umezidisha ni miraba mipana kwenye anga, kwani video nayo huanza kuumia mahali pale pale penye mabadiliko hafifu. Ukiiona miraba, rudi 22 au 20. Kwenye ukurasa wa tovuti, ili ijirudie yenyewe kama GIF, inaandikwa hivi:

```
<video src="jahazi-fupi.mp4" autoplay muted loop playsinline></video>
```

Ukisahau `muted`, vivinjari vingi vitazuia isianze yenyewe. Ukisahau `playsinline`, iPhone inaweza kuifungua ijaze skrini nzima. Na wala usidhani unaacha desturi ya watu: kile kinachoitwa GIF ndani ya WhatsApp na Telegram, kwa ndani, ni video ya MP4 isiyo na sauti.

Tahadhari moja hapa ni kubwa kuliko zote. Usitengeneze video kutoka kwenye GIF kama bado unayo video ya asili. Nukta zilizotawanywa, ambazo zilikuwa hila ya kudanganya jicho, kwa H.264 ni vitu halisi vilivyomo kwenye picha, na itatumia biti zake kuvichora kimoja kimoja. Matokeo ni faili zito lenye chenga. Vivyo hivyo, video iliyokwisha kupita kwenye makundi matatu ya mtandao wa kutumiana ujumbe ina miraba na ukungu ambavyo palettegen itavihesabu kama rangi za kweli na kuvipa nafasi kwenye paleti. Itafute ile ya kwanza, kwenye simu iliyopiga.

Sasa usiondoke ukadhani GIF imekwisha. Weka jahazi pembeni, uchukue kazi ya msanii anayechora kanga kwenye kompyuta: pindo jeusi, mji mwekundu, ua jeupe, na jina la kanga likijitokeza herufi moja baada ya nyingine. Rangi ni tatu au nne, na vivuli vichache vya kulainisha kingo za herufi. Paleti ya rangi 16 inatosha, mtawanyo wa nukta hauhitajiki kabisa (andika `dither=none`), mistari ya rangi moja ni mirefu, na kati ya fremu na fremu kinachobadilika ni mstatili mdogo wa herufi moja. Kila kilichoihangaisha GIF kwenye anga hakipo hapa. Inaweza kuwa nyepesi kuliko video, na kwa hakika ni safi zaidi.

Ni safi kwa sababu video ya kawaida ina udhaifu wake ambao watu hawausemi. Ile `yuv420p` maana yake mwanga unaandikwa kwa kila pikseli, lakini rangi inaandikwa mara moja kwa kila pikseli nne. Kwenye anga hakuna atakayejua. Kwenye herufi nyembamba nyekundu juu ya kitambaa cheusi, rangi inavuja ukingoni na herufi zinakuwa na ukungu. Rekodi za skrini za simu zenye maandishi madogo ya rangi huumia hivyo hivyo, pamoja na michoro ya ramani na grafu. Hapo GIF inarudisha kila pikseli mahali pake bila kosa, mradi rangi zote zimeenea kwenye paleti.

Barua pepe nayo ni uwanja wake, kwa kuwa programu nyingi za barua hazichezi video ndani ya ujumbe. Anayetangaza bidhaa au kuwaandikia wazazi wa shule kwa njia hiyo hana chaguo kubwa, basi na abuni kitu kinachoifaa GIF: michoro bapa, maandishi makubwa, kona moja tu inayosogea. Kama lazima pawepo picha ya kamera, aiweke tuli nyuma na kusogeza maandishi juu yake, ili pikseli za picha ziandikwe mara moja tu. Na kwa kuwa matoleo kadhaa ya zamani ya Outlook kwenye Windows huonyesha fremu ya kwanza pekee na kusimama hapo, tarehe, mahali na namba ya kupigia viwepo vyote kwenye fremu hiyo, kabla chochote hakijaanza kusogea.